Aksio Ilipanda, Lakini Pesa Zilikwisha

Wiki hii tunajibu swali lililoletwa na mama mmoja wa kikundi chetu. Mtoto wa dada yake anaishi Amerika, anafanya kazi ya usiku katika depo kubwa ya mizigo, na kila mwezi anatuma kidogo nyumbani. Mwezi uliopita hakutuma kitu. Alieleza kwamba aliweka dola 300 kwenye opsheni ya kampuni moja, akiamini aksio ya kampuni hiyo itapanda. Aksio ilipanda kweli. Lakini dola 300 zote zilikwisha, haikubaki hata senti moja. Mama anauliza: “Kama alikisia vizuri, namna gani pesa zipotee? Si wamemwiba?”

Tulimwomba kijana atutumie hesabu yake, naye akaituma. Tumezifanya namba zake kuwa za mviringo kidogo ili zifuatike kwa urahisi. Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyemwiba. Alinunua kitu ambacho kinaweza kwisha chote hata pale mnunuzi anapokuwa amekisia sawasawa kwamba bei itapanda. Na kwa sababu watoto wetu wengi walio ng'ambo wanacho kitu hiki katika simu zao, na wengine wameanza kuomba pesa za likelemba za mama zao ili kukinunua, tumeona tukieleze polepole.

Tuanze hapa nyumbani. Tuseme kuna parseli inauzwa dola 10,000, nawe unasikia fununu kwamba barabara ya pale itatengenezwa. Dola 10,000 huna sasa. Unaenda kwa mwenye parseli unamwambia: “Baba, nakupa dola 300. Kwa muda wa miezi mitatu usimuuzie mtu mwingine. Nikirudi ndani ya miezi hiyo, utaniuzia mimi kwa 10,000, hata kama bei imepanda. Nisiporudi, dola 300 ni zako.” Mnaandika karatasi, mnatia sahihi mbele ya mashahidi.

Tafadhali tusichanganye karatasi hii na avansi. Avansi ni sehemu ya bei: ukitoa 300 leo, unabakiza 9,700 za kulipa. Hizi 300 si sehemu ya bei hata kidogo. Ukirudi, utalipa 10,000 kamili juu yake. Umelipia kitu kimoja tu, nacho ni haki ya kuchagua. Barabara ikitengenezwa na parseli za pale zikafika 13,000, wewe unanunua kwa 10,000, ama unamuuzia mtu mwingine ile karatasi yako kwa pesa nzuri. Udongo ukiporomoka na kukata nusu ya parseli, jambo ambalo watu wa Bukavu tunalijua, huna haja ya kurudi. Hakuna anayeweza kukulazimisha kununua. Umepoteza 300, basi.

Karatasi hiyo ndiyo opsheni. Zile dola 300 zinaitwa premiamu. Zile 10,000 mlizokubaliana, tutaziita bei ya mapatano. Na mwisho wa miezi mitatu ni siku ya mwisho ya karatasi. Ukishika maneno hayo matatu, premiamu, bei ya mapatano na siku ya mwisho, unaweza kufuata yote yaliyobaki.

Wazo lenyewe ni la zamani sana. Aristotle, mwalimu wa Ugiriki ya kale, aliandika habari za Thales wa Mileto, ambaye aliona kwamba mavuno ya zeituni yatakuwa mengi. Wakati wa baridi, watu walipokuwa hawajafikiri habari za mavuno, alitoa pesa kidogo kushika mashine zote za kukamulia mafuta, na mavuno yalipofika akawakodishia watu kwa bei aliyoitaka. Kilichokuja baadaye ni soko la kuuziana karatasi hizo kila siku bila wauzaji na wanunuzi kujuana. Soko kubwa la namna hiyo kwa aksio za kampuni lilifunguliwa mjini Chicago tarehe 26 mwezi wa nne mwaka 1973. Mwanzoni lilishughulika na aksio za kampuni 16 tu, na kwa opsheni za kununua peke yake. Opsheni za kuuza zilifuata mwaka 1977.

Opsheni ya kununua, kama ile ya parseli, watu wa soko wanaiita koli. Kwenye simu ya mtoto wako utaona imeandikwa `Call`. Opsheni ya kuuza ni puti, nayo inaandikwa `Put`. Ya puti tutaifikia mbele kidogo, tukizungumza habari za kahawa.

Sasa hesabu ya kijana wetu. Aksio ya ile kampuni ilikuwa dola 50. Alinunua koli yenye bei ya mapatano ya dola 55, na siku ya mwisho ilikuwa baada ya wiki sita. Maana yake, kwa wiki sita alikuwa na haki ya kununua aksio kwa dola 55, hata kama sokoni imepanda kufika 60 ama 70. Premiamu iliandikwa 1.50. Hapa ndipo wengi wanakosea mara ya kwanza: mkataba mmoja wa opsheni kule Amerika ni wa aksio 100, kwa hiyo ile 1.50 inazidishwa mara 100. Mkataba mmoja ni dola 150. Alichukua mikataba miwili, ndizo dola 300.

Wiki sita zikapita. Siku ya mwisho aksio ilikuwa dola 54. Ilikuwa imepanda kutoka 50, na kupanda hivyo kwa wiki sita si kidogo. Lakini jiulize, mama: haki ya kununua kwa 55 kitu ambacho sokoni kinauzwa 54 ina faida gani? Ni kama kuwa na karatasi inayokuruhusu kununua kilo ya maharagi kwa franka 2,500 wakati muuzaji wa jirani anaiuza 2,400. Hakuna atakayeitaka karatasi yako hata umpe bure. Jioni ile koli mbili za kijana zikawa si kitu, na premiamu yote ikabaki kwa aliyemuuzia.

Kama aksio ingefika 55 kamili, hali ingekuwa ile ile. Ingefika 56, kila koli ingekuwa na thamani ya dola 1 kwa aksio, yaani dola 100 kwa mkataba, dola 200 kwa yote miwili. Bado angekuwa amepoteza 100. Ili arudishe tu pesa zake, bila faida, aksio ilipaswa kufika 56.50, maana ni 55 ya mapatano pamoja na 1.50 aliyolipa. Faida ingeanzia juu ya hapo. Kama ingefika 60, angepata dola 1,000 kwa 300 alizotoa, na hiyo ndiyo picha ambayo vijana wanaonyeshana. Hatusemi ni uongo. Hutokea. Lakini angalia alihitaji nini: aksio ipande, ipande kupita 56.50, na ifanye hivyo kabla ya wiki sita kwisha. Mambo matatu kwa pamoja. Yeye alipata la kwanza tu.

Angenunua aksio zenyewe kwa zile dola 300, angepata aksio 6. Siku ile zingekuwa na thamani ya 324. Faida ni dola 24, ambazo kijana anaziona ni za kitoto. Lakini angekuwa bado na aksio zake 6, na kama kampuni inahitaji miezi miwili zaidi ili ifike 60, angengoja. Aksio haina siku ya mwisho. Opsheni inayo.

Hapo tukae kidogo, maana siku ya mwisho ndiyo inayokula pesa za watu wengi, na inazila polepole hata usione. Kijana alituambia jambo ambalo lilituumiza zaidi kuliko hasara yenyewe. Aksio ilifika 54 mapema, baada ya wiki mbili tu. Halafu ikakaa pale pale, ikipanda senti kumi na kushuka senti kumi, mpaka siku ya mwisho. Yeye alikuwa anaangalia bei ya aksio, anaona 54, anatulia. Hakuangalia bei ya koli yake.

Aksio ilipofika 54 na wiki nne zilikuwa zimebaki, koli yake ilikuwa inauzwa karibu 2.40. Mbona iwe na bei wakati 54 bado iko chini ya 55? Kwa sababu wanunuzi walijua kwamba katika wiki nne aksio inaweza kupanda tena dola tatu ama nne. Walikuwa wanalipia matumaini. Siku ile angeuza mikataba yake miwili kwa dola 480 hivi, akaweka faida ya 180 mfukoni. Wiki moja ilipobaki, aksio ikiwa 54 ile ile, koli ilikuwa imeshuka kufika karibu 1.00, maana katika wiki moja matumaini ni madogo. Siku moja kabla ya mwisho zilikuwa zimebaki senti chache. Siku ya mwisho ilikuwa sifuri. Bei ya aksio ilikaa karibu pale pale katika wiki hizo nne, lakini karatasi yake ilitoka 480 mpaka kwisha kabisa.

Kwa hiyo premiamu ina vipande viwili ndani yake. Kipande kimoja ni faida iliyoko tayari: kama aksio ni 58 na mapatano ni 55, kuna dola 3 za kweli. Kipande cha pili ni bei ya wakati na matumaini. Koli ya kijana wetu tangu siku aliyoinunua haikuwa na kipande cha kwanza kabisa. Dola 300 zote zilikuwa za wakati na matumaini. Kipande hiki kinayeyuka kila siku, na kinayeyuka mbio zaidi katika wiki za mwisho, kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya maji. Opsheni za namna hiyo, zenye bei ya mapatano iliyo mbali na siku chache zilizobaki, ndizo za bei rahisi, na ndizo zinazowavuta wenye pesa kidogo. Urahisi wake una sababu: soko limekwisha kupima kwamba nyingi kati yake zitaishia sifuri.

Kuna jambo lingine moja linaloongeza premiamu, nalo ni wasiwasi wa soko. Kampuni inapokaribia kutangaza faida yake, kila mtu anajua aksio inaweza kuruka juu ama kuanguka, na wanaouza opsheni wanadai premiamu kubwa zaidi. Tangazo likishatoka, wasiwasi unakwisha na sehemu hiyo ya premiamu inaanguka usiku mmoja. Ndiyo maana mtu ananunua koli siku moja kabla ya tangazo, habari zinakuwa nzuri, aksio inapanda kidogo, na asubuhi koli yake ina thamani ndogo kuliko jana. Anadhani simu imeharibika.

Mama mwingine, aliposikia tunaandaa habari hii, aliuliza kama mtoto anaweza kubaki na deni. Kwa anayenunua opsheni, hasara ya opsheni yenyewe haipiti premiamu aliyolipa. Huo ndio uzuri wake. Lakini kuna mtego mmoja mdogo. Kule Amerika, opsheni ikifika siku ya mwisho ikiwa na faida hata ya senti moja, inatumiwa yenyewe bila kuulizwa, isipokuwa mwenyewe ama kampuni inayomshughulikia amezuia. Koli moja ya 55 ingemfanya awe mnunuzi wa aksio 100, yaani dola 5,500, pesa ambazo kijana wa depo hana. Kampuni nyingi zinaiuza opsheni ya mteja asiye na pesa saa chache kabla, kwa bei yoyote iliyopo. Afadhali auze mwenyewe mapema kuliko kuuziwa.

Deni la kweli linampata mtu wa upande wa pili, anayeuza opsheni. Yeye anapokea premiamu leo, na kama mambo yanatulia anaibaki nayo. Lakini amefungwa na ahadi. Aliyeuza koli ya 55 bila kuwa na aksio, na aksio ikafika 90, atalazimika kuzitafuta sokoni kwa 90 ili amuuzie mwenzake kwa 55. Hasara yake haina dari. Mwenye aksio 100 tayari mkononi anayeuza koli juu yake yuko salama zaidi, maana atatoa tu zile alizo nazo. Mtoto akikuambia kwamba ameacha kununua na sasa “anakusanya premiamu” kila wiki, muulize swali hilo hilo: aksio zenyewe unazo?

Sasa puti, na hapa turudi kwetu, maana kahawa ya arabika ya Kalehe, ya Minova na ya kisiwa cha Idjwi inapimwa bei kwa kuangalia soko la New York. Mwaka 2019 bei ya arabika kule ilishuka chini ya dola 1 kwa paundi moja ya uzito, ambayo ni karibu gramu 454. Mwezi wa pili mwaka 2025 ilipita dola 4. Mtu anayenunua kahawa nyekundu kwa wakulima leo, akaisafisha, akaikausha na kuiuza baada ya miezi minne, hajui atakuta bei gani mlangoni.

Puti ni haki ya kuuza kwa bei ya mapatano. Tuseme bei ya New York ni dola 2.00 kwa paundi, na mfanyabiashara anayesafirisha kahawa anaogopa itashuka. Ananunua puti yenye bei ya mapatano ya 1.90 kwa premiamu ya senti 10. Mkataba mmoja wa kahawa wa soko lile ni paundi 37,500, karibu tani 17, yaani magunia 283 ya kilo 60. Senti 10 mara 37,500 ni dola 3,750. Hiyo ndiyo premiamu yake.

Bei ikianguka mpaka 1.50, kahawa yake iliyoko depo imepoteza dola 18,750. Lakini ile haki ya kuuza kwa 1.90 sasa ina thamani ya senti 40 kwa paundi, yaani dola 15,000. Akitoa premiamu, puti imemrudishia 11,250. Bado amepata hasara, lakini ni ya 7,500, nayo haiwezi kumfunga duka wala kumfanya ashindwe kuwalipa wakulima. Bei ikipanda mpaka 2.40, puti inaishia sifuri, na dola 3,750 zote zimekwenda. Lakini kahawa yake imepanda thamani kwa dola 15,000. Anaiuza kwa bei mpya na hasikitiki, kama vile mtu asivyosikitika kwamba alilipia bima ya gari na gari halikugonga.

Tazama vizuri tofauti ya watu hawa wawili. Mfanyabiashara wa kahawa na kijana wa Amerika wote wanaweza kupoteza premiamu yote. Soko ni la namna moja, na sheria ya karatasi ni ile ile. Lakini yule wa kahawa ana magunia nyuma ya karatasi yake. Premiamu ikipotea, mara nyingi ni kwa sababu magunia yamepanda bei. Kijana nyuma ya karatasi yake hakuwa na kitu. Ikipotea, imepotea.

Wengine mtauliza kama kikundi chetu chenye magunia 20 kinaweza kununua puti. Kwa mkataba huo, hapana: ni mkubwa mno, na anayelipia magunia 283 huku ana 20 anakuwa amebahatisha juu ya 263 yasiyo yake. Tena bei ya kijijini haifuati New York kwa kila senti. Ikiwa barabara imefungwa, ama wanunuzi hawafiki, bei ya shambani inaweza kuanguka wakati New York inapanda, na puti haitasaidia kitu. Hii ni silaha ya wasafirishaji na vyama vikubwa. Kikundi kidogo kinachoweza kufanya ni kumwuliza msafirishaji wake waziwazi kama amejikinga na kushuka kwa bei, maana asiyejikinga ndiye anayekimbia na deni la wakulima bei ikianguka.

Mwisho, kuna kitu kingine kabisa kinachotembea katika simu za vijana wa hapa hapa, kikijiita opsheni. Kwenye skrini kinaandikwa `Binary Options`. Unaweka dola 10, unabonyeza “juu” ama “chini”, na baada ya dakika moja unaambiwa umeshinda ama umeshindwa. Hakuna aksio utakayoweza kununua, hakuna karatasi ya kumuuzia mwingine, na mara nyingi anayekulipa ukishinda ni kampuni ile ile inayofaidika ukishindwa.

Hesabu yake ni fupi. Mara nyingi ukishinda unaongezewa dola 8 hivi, na ukishindwa unapoteza 10 zote. Cheza mara 100, ushinde mara 50: umepata 400, umepoteza 500. Ili usipoteze, ni lazima ushinde mara 56 katika 100, kila wakati, kwa kitu ambacho ndani ya dakika moja hakuna anayekijua. Israeli ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulikataza kuwauzia watu wa kawaida kuanzia mwezi wa saba mwaka 2018, na Uingereza ikafanya vivyo hivyo moja kwa moja mwaka 2019. Kampuni zilizofungiwa milango kule zinatafuta wateja mahali pengine, na simu ya Bukavu ama ya Goma inafikika sawa na ya Paris.

Kwa hiyo mtoto akija kuomba pesa za opsheni, mwambie afungue skrini mketi pamoja. Akuonyeshe bei ya mapatano, siku ya mwisho, premiamu iliyokwisha kuzidishwa mara 100, na bei ambayo aksio lazima ifike ili arudishe tu pesa zake. Akuonyeshe pia kitufe cha kuuza kabla ya siku ya mwisho. Kama vitu hivyo havipo, na badala yake kuna juu na chini na saa inayohesabu sekunde, hiyo si opsheni tuliyoieleza hapa. Na kama tayari ana pesa mle ndani, ajaribu leo kutoa dola 20 zimfikie katika simu. Wakimwambia kwamba lazima kwanza alipe ada ama kodi ndipo pesa zake zitoke, asilipe. Ajue kwamba hata zile za kwanza hazitatoka.